Rangi Sita Kutoka Katika Picha Moja

Picha ya kawaida inayopigwa kwa simu ina nukta milioni 12, yaani 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Kila nukta, au pikseli, imeandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Kwa namba hizo tatu kompyuta inaweza kuunda rangi 16,777,216. Mchoraji anayetaka kuigeuza picha hiyo kuwa bango au chapa ya fulana hahitaji hata kumi kati ya hizo. Kazi ikichapwa kwa skrini, kila rangi inatengenezewa skrini yake na wino wake, na kitambaa kinapita mezani mara nyingine, kwa hiyo kila rangi inayoongezwa ina bei. Hata pale ambapo bei si hoja, mchoro wa mtindo hauigi picha. Unaisema upya kwa maumbo machache na rangi chache zinazoelewana.

Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za dari. Idadi ya rangi zake ilipangwa na makopo yaliyokuwepo. Anayechora kwenye kompyuta leo hana kizuizi hicho, hivyo inambidi ajiwekee chake. Njia mojawapo, inayozidi kutumiwa na wachoraji, ni kuiachia kompyuta ipange nukta zote za picha katika makundi kisha itoe rangi moja kwa kila kundi. Rangi hizo zikikusanywa ndizo paleti. Njia hii ni rahisi na ya haraka, lakini ina upofu mmoja ambao asiyeujua hushangaa kwa nini mchoro wake umepooza.

Jinsi kompyuta inavyopanga makundi

Kwa kuwa kila rangi ni namba tatu, tunaweza kuipa mahali pake kama kitu kinachoning'inia ndani ya chumba: nyekundu ikipimwa kwa urefu wa chumba, kijani kwa upana, bluu kutoka sakafuni kwenda darini. Rangi zinazofanana huning'inia karibu karibu. Picha ya bahari inajaza chumba hicho mawingu ya nukta: wingu moja la samawati ya anga, jingine la mchanga, jingine la majani. Kazi ya kompyuta ni kuyatafuta mawingu hayo na kuonyesha kitovu cha kila moja.

Njia inayotumika zaidi ni ile ambayo kwenye programu huandikwa `KMeans`. Mtumiaji anataja idadi ya makundi anayotaka. Kompyuta inachagua vitovu vya kuanzia, inaipeleka kila nukta kwenye kitovu kilicho karibu nayo zaidi, kisha inakokotoa wastani wa nukta za kila kundi na kukihamishia kitovu hapo. Halafu inarudia: inagawa upya, inakokotoa wastani upya, mpaka vitovu viache kuhama.

Tuone kwa nukta sita tu, tukipima mwanga wake peke yake, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 100 nyeupe kabisa. Nukta zetu zina 12, 18, 25, 70, 82 na 88. Tunataka makundi mawili, na kwa bahati mbaya vitovu vya kuanzia vimeangukia 12 na 25, vyote upande wa giza. Katika mgawo wa kwanza, 12 na 18 zinakwenda kwa kitovu cha kwanza, na nne zilizobaki kwa cha pili. Wastani wa kundi la kwanza ni 15, na wa la pili ni takriban 66. Sasa tunagawa upya. Nukta ya 25 ipo karibu na 15 kuliko 66, kwa hiyo inahama. Wastani mpya ni takriban 18 kwa kundi la giza na 80 kwa kundi la mwanga. Tukigawa mara ya tatu hakuna anayehama, na kazi imekwisha. Tulianza vibaya lakini tukafika pazuri.

Si kila mara bahati inakuwa hivyo. Katika picha halisi, vitovu vya kuanzia vikiangukia vibaya vinaweza kukwama, na ndiyo maana mtu akiendesha programu mara mbili kwa picha ileile anaweza kupata paleti mbili tofauti. Mwaka 2007 David Arthur na Sergei Vassilvitskii walipendekeza namna bora ya kuanza: kila kitovu kipya kichaguliwe kwa kupendelea nukta zilizo mbali na vitovu vilivyokwisha kuchaguliwa. Programu nyingi leo hufanya hivyo zenyewe. Pamoja na hayo, ni busara kuiagiza programu ijaribu mara kadhaa na kubaki na jibu bora.

Ilizaliwa kwa kazi nyingine

Ili kuuelewa upofu niliotaja, inafaa kujua njia hii ilitoka wapi. Stuart Lloyd aliiandika mwaka 1957 akiwa maabara za Bell, Marekani, na hakuwa akifikiria picha. Alikuwa akishughulikia namna ya kubadili mawimbi ya sauti kuwa namba chache bila kupoteza mengi. Andiko lake lilichapishwa rasmi mwaka 1982. Mwaka huohuo Paul Heckbert alichapisha kazi yake kuhusu kupunguza rangi za picha kwa ajili ya skrini za kompyuta za wakati ule, ambazo nyingi ziliweza kuonyesha rangi 256 tu kwa mara moja. Njia yake ilikuwa nyingine, ya kukigawa chumba cha rangi katika visanduku, lakini lengo lilikuwa lilelile: picha iliyopunguzwa ifanane na ya asili kadiri inavyowezekana, kosa la nukta zote kwa jumla liwe dogo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ukitaka jumla ya kosa iwe ndogo, kila nukta ina kura moja sawa na mwenzake. Kitu kinachochukua eneo kubwa kina kura nyingi, na kitu kidogo hakisikiki. Jicho la binadamu halipigi kura hivyo. Jicho huenda kwanza kwenye kitu kilicho tofauti na vinavyokizunguka, hata kikiwa kidogo. Kompyuta inahesabu eneo. Mchoraji anahesabu umuhimu.

Mwanamke wa Paje na kanga nyekundu

Tuchukue mfano wa picha iliyopigwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Maji yamekupwa. Mwanamke ameinama kwenye kamba zake za mwani, amejifunga kanga nyekundu. Nyuma yake kuna maji mafupi ya rangi ya feruzi, mbali zaidi bahari ya bluu iliyokolea, na juu anga pana. Mchoraji anataka bango la rangi sita.

Hatua ya kwanza ni kuipunguza picha. Nukta milioni 12 hazihitajiki kujua rangi kuu, kwa hiyo picha inashushwa hadi 200 kwa 150, yaani nukta 30,000. Tuseme zimegawanyika hivi: anga 10,500, maji mafupi 6,300, bahari ya mbali 5,400, mchanga 4,800, mwani pamoja na vivuli na ngozi ya mkulima 2,700, na kanga 300. Kanga ni asilimia moja ya picha, lakini ndicho kitu cha kwanza atakachokiona yeyote anayeitazama.

Sasa tuombe makundi matano. Anga, maji mafupi, bahari ya mbali na mchanga kila kimoja kinapata kundi lake. Kanga inabaki bila pa kwenda, nayo inaingizwa katika kundi la tano, la vitu vyenye giza. Hesabu yake ni nyepesi. Kundi la giza lina rangi ya wastani yenye nyekundu 70, kijani 66 na bluu 50. Kanga ina 200, 40 na 45. Nukta 2,700 zikichanganywa na 300, wastani unatoka takriban 83, 63 na 50. Hiyo ni kahawia iliyokolea. Nyekundu imezama, na mchoraji akiifuata paleti hiyo kama ilivyo atachora pwani nzuri yenye mwanamke asiyeonekana.

Ukiongeza kundi la sita hakuna uhakika kwamba litakwenda kwa kanga. Anga haina rangi moja. Karibu na upeo imepauka, juu imekolea. Kwa kuwa anga ina nukta nyingi mno, kuikata vipande viwili kunaweza kupunguza jumla ya kosa kuliko kuitenga kanga. Mchoraji atapata samawati mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha kwenye bango, na bado hatakuwa na nyekundu. Hii ndiyo dalili ya kuitafuta: paleti yenye rangi mbili au tatu za jamii moja, huku kitu unachokikumbuka zaidi kwenye picha hakimo.

Tiba mbili

Tiba ya kwanza ni kuomba makundi mengi kuliko unayohitaji, kisha kuchagua. Ukiomba 16 badala ya 6, anga itachukua kadhaa, bahari kadhaa, lakini kwa kawaida kanga nayo itapata nafasi yake kwa sababu ipo mbali sana na wenzake chumbani. Baada ya hapo mchoraji anachagua mwenyewe: samawati nne za anga zinabaki moja, mchanga wa aina tatu unabaki mmoja, na nyekundu inabaki ingawa ina nukta 300 tu. Hapa kompyuta imeleta orodha ya wagombea, na mwenye kupitisha ni mchoraji.

Tiba ya pili, ambayo mimi naiona bora pale penye mtu, ni kuikata picha vipande na kuvipanga kila kimoja peke yake. Mzungushie mkulima fremu yenye nukta 900. Ndani ya fremu hiyo kanga ya nukta 300 si asilimia moja tena, ni theluthi nzima. Ukiomba makundi manne humo, nyekundu haiwezi kupotea. Kisha unaomba makundi matano kwa mandhari iliyobaki, unaunganisha orodha mbili na kupunguza hadi sita.

Tiba hii inaponya kosa jingine lisilozungumzwa sana. Ngozi yenye rangi nzito, ikipangwa pamoja na picha nzima, huingizwa mara nyingi katika kundi la vivuli na mwani, kwa kuwa vyote ni vya giza. Matokeo yake ni mtu mwenye uso wa rangi ya udongo wenye maji, au uso uliopakwa rangi ileile ya kivuli chake. Ukikata fremu ya uso na mikono peke yake na kuomba makundi matatu, utapata kahawia yenye joto ya upande wa jua, ya katikati, na ya upande wa kivuli. Kwa bango, moja au mbili kati ya hizo zinatosha, lakini ziwe za ngozi kweli.

Umbali unapimwaje

Tumesema nukta huenda kwenye kitovu kilicho karibu. Karibu kwa kipimo gani? Namba za nyekundu, kijani na bluu zilitengenezwa kwa ajili ya kuwasha skrini, na umbali kati yake haulingani na tofauti inayoonwa na jicho. Kijani kamili, yaani 0, 255, 0, huonekana angavu sana, na kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 100 kinapata takriban 88. Bluu kamili, 0, 0, 255, imeandikwa kwa 255 ileile lakini inapata takriban 32 tu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1976 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa mpangilio unaoitwa Lab. Humo namba ya kwanza, L, ni mwanga, na mbili nyingine zinaonyesha rangi yenyewe: moja kutoka kijani hadi nyekundu, nyingine kutoka bluu hadi njano. Umbali katika Lab unakaribia zaidi kile jicho linachokiona, ingawa haukilingani kabisa. Anayetumia Python anazibadili nukta kwenda Lab kabla ya kuziita `KMeans`, kisha anavirudisha vitovu kwenye namba za skrini.

Lab inampa mchoraji faida ya ziada. Kanga moja ina upande unaopigwa na jua na upande wa kivuli, na programu huweza kuuona kama nguo mbili. Ukizidisha L kwa nusu kabla ya kupanga, tofauti ya mwanga inapungua uzito, na pande mbili za kanga zinaelekea kukaa kundi moja. Baada ya hapo unatengeneza kivuli mwenyewe kwa kuishusha rangi hiyo mwanga. Ukitaka kinyume chake, mchoro wa vivuli vikali kama chapa ya mbao, iache L ilivyo.

Wastani unapodanganya

Kitovu cha kundi ni wastani, na wastani unaweza kuwa rangi ambayo haimo popote kwenye picha. Chukua machungwa ya machweo yenye 230, 120, 40, na bluu ya maji yenye 30, 110, 190. Zikiangukia kundi moja kwa viwango sawa, wastani ni 130, 115, 115, kijivu chenye wekundu kidogo. Hakuna aliyepiga picha ya kijivu hicho.

Hata kundi lililopangwa vizuri hufifia kidogo, kwa kuwa kila wastani huvuta kuelekea katikati. Hii ndiyo sababu paleti zinazotoka moja kwa moja kwenye kompyuta huonekana zimefunikwa vumbi. Dawa yake ni kutotumia kitovu chenyewe, bali kutafuta nukta halisi ya picha iliyo karibu nacho zaidi. Hapo rangi itakuwa imetoka Paje kweli. Kwa kanga unaweza kwenda mbele zaidi na kuchukua nukta iliyokolea kuliko zote ndani ya kundi lake, maana bango husomwa kutoka mbali na rangi nyepesi hufa.

Uwe macho pia na kingo. Picha inapopunguzwa, nukta zilizo mpakani mwa kanga na maji huchanganywa, na kutoa kijivu cha uongo. Kundi dogo lenye kijivu ambacho hukikumbuki, ambalo nukta zake zimejipanga kama uzi kuzunguka umbo, ni la kutupwa.

Kupima kabla ya kuchapa

Paleti ikishapatikana, ipime mara mbili. Kwanza ipake upya picha yenyewe: kila nukta ichukue rangi iliyo karibu nayo kati ya zile sita. Ukiitazama kwa kufinya macho, mwanamke, kamba, maji na anga viwe bado vinatambulika. Kisichotambulika kinaonyesha rangi gani imekosekana. Kwa asiyeandika programu, GIMP ina hatua inayokaribia hii: kwenye menyu ya `Image`, chini ya `Mode`, chagua `Indexed`, kisha uandike idadi ya rangi. Jua tu kwamba nayo inahesabu eneo, kwa hiyo ifanye kwenye vipande.

Kipimo cha pili ni kuigeuza paleti kuwa nyeusi na nyeupe. Ukizipima rangi zetu kwa mizani ya kawaida ya televisheni, ambayo huipa nyekundu asilimia 30, kijani 59 na bluu 11, kanga inapata takriban 89 kati ya 255 na mwani 65. Macho yanaona nyekundu na kahawia vikiwa mbali, lakini mwanga wake umekaribiana. Mwani ukiwa mikononi mwa mkulima, mbele ya kanga yake, viwili hivyo vitashikana kwa mtazamaji aliye mbali au asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani. Mchoraji anaushusha mwani hadi 45, 43, 36, na mwanga wake unafika takriban 43. Sasa kanga inasimama peke yake.

Hakuna programu itakayomfanyia badiliko hilo, kwa sababu mwani wa rangi hiyo haumo kwenye picha. Hapo ndipo kupanga makundi kunapoishia na uchoraji unapoanza. Kwa hiyo ukiketi na picha yako, andika kwanza kwenye karatasi vitu vitatu ambavyo bango lako haliwezi kuishi bila rangi zake, ndipo uwashe programu. Orodha ya kompyuta isipokuwa navyo vyote vitatu, usibadili mawazo yako. Badili namna ulivyoikata picha.